Hasara ya Mali Iliyododa Stoo: Kodi Inaitambua Lini?

Mwaka 1964 kampuni ya Thor ya Illinois, Marekani, iliyokuwa ikitengeneza zana za umeme, ilipata uongozi mpya. Wakuu hao walipokagua maghala walikuta vipuri vimerundikana kupita kiasi. Sababu ilikuwa ya kiufundi: Thor ilipotoa toleo jipya la zana ilitengeneza papo hapo vipuri vya miaka mingi ijayo, maana kuifunga upya mitambo baadaye kwa ajili ya vipuri vichache ni ghali mno. Zana zikiacha kununuliwa, vipuri vyake hubaki vikila nafasi.

Uongozi ukashusha thamani ya mali hiyo vitabuni. Zana mbovu na zilizopitwa na wakati, nyingi zikiwa zimetupwa au kuuzwa muda mfupi baadaye, hazikuleta ugomvi. Ugomvi ulikuwa juu ya aina 44,000 hivi za bidhaa, nyingi zikiwa vipuri, ambazo kampuni ilikadiria hazitauzika zote. Ilizishusha karibu hadi bei ya chuma chakavu, ikadai hasara hiyo ipunguzwe kwenye mapato yanayotozwa kodi. Lakini vipuri vyenyewe vilibaki rafuni, vikiuzwa kwa bei ileile ya zamani.

Mamlaka ya kodi ilikataa, na mwaka 1979 Mahakama Kuu ya Marekani iliiunga mkono kwa kauli moja. Jaji Harry Blackmun alieleza kwamba mhasibu na mtoza kodi wana kazi tofauti. Mhasibu anamlinda mwenye hisa na mkopeshaji asidanganywe na faida hewa, kwa hiyo ni haki yake kukisia hasara mapema. Mtoza kodi anataka hasara yenye ushahidi. Kanuni za Marekani zinaruhusu bidhaa mbovu au iliyopitwa na wakati ithaminiwe kwa bei inayouzwa kweli, ukitoa gharama za kuiuza, mradi bei hiyo iwe imetangazwa kwa wanunuzi si zaidi ya siku 30 baada ya siku ya kuhesabu mali. Thor haikuwa imeshusha bei wala haikuwa imeuza chakavu. Ilikuwa na makadirio tu.

Hukumu hiyo iliwaumiza hata wachapishaji wa vitabu wa huko. Kitabu kinachouzika polepole hakikuweza tena kushushwa thamani huku kikingoja msomaji ghalani, na baadhi yao wakaona nafuu kukiuza kwa bei ya kutupa au kukisaga. Kwa maoni yangu hayo ni madhara mabaya ya kanuni ambayo kimsingi ni ya haki.

Tanzania nayo ina mlango wake. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, inachukua thamani ya mali ya mwanzo wa mwaka, inajumlisha manunuzi, kisha inatoa thamani ya mali iliyobaki. Jibu ndilo linalopunguzwa kwenye mapato. Mali iliyobaki huthaminiwa kwa gharama yake au kwa bei ya soko, ile iliyo ndogo. Kwa hiyo hapa kwetu kinachobishaniwa ni bei ya soko, na anayedai imeshuka ndiye anayetakiwa kuionyesha.

Chukua kampuni ya spea yenye pampu za maji zilizonunuliwa kwa shilingi 200,000 kila moja. Kumi na mbili zililoa mafuriko zikashika kutu. Mwezi Novemba inazitangaza kwa 50,000, na Desemba zinauzwa mbili kwa risiti. Tarehe 31 Desemba zimebaki kumi, nazo zinaandikwa 500,000 badala ya 2,000,000. Mapato yanayotozwa kodi yanapungua kwa 1,500,000, na kwa kiwango cha asilimia 30 kampuni inaokoa kodi ya 450,000.

Rafu ya pili ina pampu thelathini za gari lisilotengenezwa tena. Hazina kasoro, na lebo bado inasema 280,000. Mhasibu anakata nusu ya gharama, shilingi 3,000,000, kwa sababu zimekaa sana. Kama ni makadirio ya kweli, vitabu vinaweza kuyabeba. Mkaguzi wa kodi, hata hivyo, atatazama lebo na risiti za mwisho, kisha atairudisha hasara hiyo kwenye mapato.

Hasara hiyo haipotei, inachelewa tu. Thamani ya kufungia mwaka huu ndiyo ya kufungulia mwaka ujao, kwa hiyo ukija kuziuza pampu hizo kwa hasara, au kuziteketeza kwa ushahidi, punguzo unalipata mwaka huo. Vivyo hivyo, ukishusha thamani leo kisha bidhaa ikauzika vizuri, faida ya mwakani inakua na kodi inafuata.

Kwa hiyo usisubiri mhasibu aje Machi. Ingia stoo kabla ya tarehe 31 Desemba, tenga mali mbovu, ipige picha, iorodheshe kwa idadi na gharama, ibandike bei mpya, na tunza risiti za zile zitakazouzwa. Za kuteketeza, waarifu watu wa kodi kabla hujawasha moto.