Kaburi, Ufufuo, Shufaa na Sirati: Wanazuoni Walivyopima Habari za Ghaibu

Mafundisho ya Kiislamu kuhusu maisha baada ya kufa yana vituo vinne ambavyo kila aliyepita chuoni amevisikia: maswali ya kaburini, kufufuliwa, shufaa na kuvuka Sirati. Kuhusu asili ya vituo hivyo, wanazuoni wa Kisunni hawakuvutana sana. Walivutana kuhusu sura yake: nani huulizwa, mwili upi hurudi, nani huombewa, na njia ile ina upana gani.

Wanazuoni wa itikadi, hasa wafuasi wa Abul-Hasan al-Ashari, walikuwa na utaratibu wa kupima mambo hayo. Kwanza walitazama kama jambo linawezekana kiakili. Pili walitazama nguvu ya habari yake: je, imo katika Qurani, imepokewa na watu wengi mno hata haiwezekani kuwa wamekubaliana uongo, au inatoka kwa mpokezi mmoja mmoja? Tatu waliuliza kama ipo sababu ya kuiacha maana iliyo wazi. Jambo linalowezekana, likiletwa na msema kweli, hukubaliwa hata kama halifanani na mazoea ya duniani.

Katika habari za kaburi, Qurani inataja barzakhi, kizuizi kati ya kufa na kufufuliwa (23:100), na inaeleza kuwa watu wa Firauni wanaonyeshwa Moto asubuhi na jioni kabla ya Kiyama (40:46). Hadithi ndizo zinazoleta ufafanuzi. Maiti hukalishwa akaulizwa kuhusu Mola wake, dini yake na Mtume wake. Majina ya malaika wawili wanaouliza, Munkari na Nakiri, yamo katika mapokezi ya Tirmidhi. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alipita penye makaburi mawili ambayo wenyewe walikuwa wakiadhibiwa, mmoja kwa kutojihadhari na mkojo na mwingine kwa fitina. Akapasua kuti bichi, akachomeka kipande juu ya kila kaburi.

Waliopinga walisema kuwa kaburi likifukuliwa, maiti huonekana amelala vilevile, hana alama ya moto wala ya nyoka. Na aliyeliwa na simba au kuungua akawa majivu, ataulizwa wapi? Mara nyingi upinzani huu husemwa kuwa ni wa Muutazila wote, lakini Kadhi Abdul-Jabbari (aliyefariki mwaka 1025), mmoja wa wakubwa wa madhehebu hayo, aliithibitisha adhabu ya kaburi na kumtaja Dirari bin Amri kuwa ndiye aliyeikana. Ibn Hazmi wa Andalusia alishika njia ya kati kwa kusema kuwa anayeulizwa ni roho peke yake. Wengi walijibu kuwa Mungu anaweza kurudisha uhai katika sehemu yoyote ya mwili, popote ilipo, kiasi cha kufahamu swali na kuhisi uchungu.

Ghazali (1058–1111) alilichambua zaidi suala la nyoka wa kaburini katika kitabu chake cha Ihyaa, akaonyesha njia tatu za kulisadiki. Ya kwanza ni kuwa nyoka wapo kweli, ila jicho la duniani halikuumbiwa kuona mambo ya ulimwengu ule. Masahaba nao waliamini kuwa Jibrili humshukia Mtume ingawa wao hawakumwona. Ya pili ni hali ya aliyelala akaota anaumwa na nyoka: hutoka jasho na kupiga kelele, na aliyeketi kando yake haoni kitu. Ya tatu ni kuwa kinachokusudiwa ni uchungu wenyewe, kwani tabia mbaya alizokuwa nazo mtu hugeuka baada ya kufa zikawa zenye kumuuma. Ghazali aliiona njia ya kwanza kuwa ndiyo salama zaidi, bila kumtoa katika imani mwenye kushika nyingine.

Katika ufufuo msimamo ulikuwa mkali zaidi. Mwaka 1095 Ghazali alikamilisha kitabu cha kuwajibu wanafalsafa, akachunguza masuala 20. Katika 17 aliwahukumu kuwa wamekosea au wamezua. Katika matatu alisema wamekufuru, na mojawapo ni kukana kuwa miili itafufuliwa. Sababu yake ni kuwa aya za ufufuo wa mwili ni nyingi na wazi mno, na akili haina hoja ya kulifanya jambo hilo lisiwezekane.

Waliokubali asili hiyo waliachiwa nafasi ya kujadili namna yake. Wapo waliosema kuwa mwili hutoweka kabisa kisha huumbwa upya, na wapo waliosema kuwa sehemu zilizotawanyika hukusanywa. Likazuka swali la mtu aliyeliwa na mtu mwenzake: nyama ile itafufuka na nani? Wakajibu kuwa kila mtu ana sehemu za asili zinazobaki naye maisha yake yote, na chakula ni ziada tu. Hata mfupa wa kifandugu, ambao hadithi inasema hauozi na kuwa mwanadamu ataundwa upya kutokana nao, ulijadiliwa. Muzani, mwanafunzi wa Imamu Shafii, aliona kuwa nao hatimaye huisha.

Shufaa ina ngazi. Iliyo kuu ni ile ya siku ya kisimamo, watu watakapomwendea Adamu, Nuhu, Ibrahimu, Musa na Isa, kila mmoja akitoa udhuru, mpaka wafike kwa Mtume Muhammad, naye asujudu na kupewa idhini ya kuomba. Mzozo ulikuwa juu ya Muislamu aliyekufa na dhambi kubwa bila kutubu. Muutazila walisema shufaa ni ya kuwapandisha daraja waliotubu tu, wakashika aya kwamba madhalimu hawana mwombezi (40:18). Masunni walizichukulia aya hizo kuwa zinawahusu makafiri, wakategemea hadithi kuwa shufaa ya Mtume ni kwa wenye madhambi makubwa katika umma wake. Maibadhi, ambao Oman na Zanzibar zinawajua vyema, wanasema kuwa mwenye dhambi kubwa asiyetubu hana shufaa na hatoki Motoni. Pande zote zinakubaliana kuwa hakuna aombaye ila kwa idhini ya Mungu.

Sirati ni daraja juu ya Jahanamu. Hadithi zinasema wengine watapita kama umeme, wengine kama upepo, wengine kama farasi waendao mbio, na pembeni kuna kulabu zinazokwaruza na kunasa. Sifa maarufu kuliko zote, kuwa ni nyembamba kuliko unywele na kali kuliko upanga, katika kitabu cha Muslim imekuja kama kauli ya sahaba Abu Saidi al-Khudri, aliyesema kuwa habari hiyo ilimfikia. Abdul-Jabbari aliikubali njia lakini akaikataa sifa hiyo, kwa kuwa Akhera si mahali pa kuwatwisha waumini mashaka. Hata ndani ya Ashari, Qarafi wa Misri (aliyefariki mwaka 1285) alisema njia ni pana. Maibadhi wengi huifasiri Sirati kuwa ni njia ya haki yenyewe. Ghazali aliiacha sifa hiyo kama ilivyo, akajibu kuwa anayeweza kumrusha ndege angani anaweza pia kumtembeza mtu juu ya unywele.

Hukumu za wanazuoni basi hazikuwa na uzito mmoja. Kwa Masunni, anayekana kufufuliwa amekana nguzo ya imani. Anayekana shufaa kwa wenye dhambi huhesabiwa kuwa amekosea. Anayehoji upana wa Sirati au uhai wa kifandugu yumo ndani ya uwanja wa ijtihadi, na hastahili kutiliwa shaka katika dini yake.