Ukiruka onyesho, ufunguo anao nani?

Mpwa wangu alikuwa amekaa na gemu langu kwa dakika kumi hivi, kisha akaniita: "Mjomba, huku hakufunguki." Nikainama kutazama. Mhusika wake alikuwa amesimama mbele ya mlango wa ghala, mkoba mtupu. Kurudi alikotoka hawezi, maana lango la nyuma limeshajifunga. Ufunguo wa ghala hilo hutolewa na nahodha mzee katika onyesho fupi, kile kipande ambacho gemu hujiendesha lenyewe kama filamu na mchezaji anabaki mtazamaji.

"Onyesho la nahodha uliliangalia?"

"Nimeliruka. Jana si nililiona?"

Haki yake. Onyesho la pili kuliona ni adhabu, ndiyo maana nilimwekea kitufe cha kuliruka. Ila jambo moja lilinishangaza kuliko kukwama kwake. Kama onyesho liliruka lote, mbona lango lilijifunga? Na kama halikuruka lote, mbona ufunguo haukuja?

Onyesho hilo nililitengeneza kwa Godot, injini huria ya magemu iliyoanzia Argentina. Chombo chake cha kazi hii kinaitwa `AnimationPlayer`. Unapewa mstari wa muda, na onyesho langu lina urefu wa sekunde 24. Chini ya mstari huo unapanga njia, kila kitu kinachobadilika na njia yake. Sekunde ya 3 nahodha anainuka. Sekunde ya 9 anatoa ufunguo, na ya 12 anaongeza sarafu 50 za posho. Kuanzia sekunde ya 15 hadi ya 18 lango linajifunga. Sekunde ya 21 kamera inarudi kwa mchezaji.

Ukiziangalia kwenye skrini, njia hizo zinafanana, lakini ndani yake ni za aina mbili. Lango ni hali. Sekunde ya 15 liko wazi, ya 18 limefungwa, na ukiiuliza injini lango liko vipi sekunde yoyote ile, itapiga hesabu na kukujibu bila kupitia sekunde za kabla yake. Ufunguo ni tukio. Sekunde ya 9 mstari unauita msimbo wangu mara moja tu, nao unaweka ufunguo mkobani. Ukiiuliza injini mambo yakoje sekunde ya 24, haina la kusema kuhusu ufunguo, maana hapo sekunde ya 24 hakuna kilichoandikwa juu yake.

Mimi kitufe cha kuruka nilikiandikia `seek(24.0, true)`, yaani nenda sekunde ya 24 na uweke kila kitu kama kinavyotakiwa kuwa pale. Mpwa wangu alikibonyeza sekunde ya 6. Injini ikatii: lango likafungwa, kamera ikarudi, na matukio yote yaliyokuwa katikati yakaachwa njiani. Wala si kasoro ya Godot; maelezo yake rasmi yanasema wazi kwamba matukio yaliyo kati ya ulipo na unapokwenda hurukwa. Maelezo hayo hayo yanaongeza kwamba ukifika mwisho kwa `seek`, ile ishara ya `animation_finished` haitolewi, kwa hiyo hata msimbo unaongojea onyesho liishe utaendelea kungoja.

Dawa ya kwanza inayomjia mtu kichwani ni `advance(18.0)`: badala ya kuhamia sekunde ya 24, unausukuma muda mbele kwa sekunde 18, na matukio yaliyo katikati yanaitwa kwa zamu. Niliijaribu. Ufunguo ulikuja, na pamoja nao zikaja sauti zote za onyesho kwa mpigo mmoja: kikohozi cha nahodha, mlio wa sarafu na kishindo cha lango, kama sahani zilizoanguka jikoni. Hilo nalo ni afadhali. Kibaya zaidi ni pale msimbo ulioitwa unapokuwa na kusubiri ndani yake. Wangu ulisubiri sekunde 2 ili nahodha amalize kusema ndipo uweke ufunguo. Kwa hiyo mchezaji alishapewa uhuru wa kutembea, ufunguo ukamfikia baadaye. Angeondoka eneo lile ndani ya sekunde hizo 2, usingemfikia kabisa.

Nilichoishia kukifanya ni kuutoa ufunguo kwenye mstari wa muda. Sekunde ya 9 mkono wa nahodha bado unanyooka na picha ya ufunguo inaonekana, lakini hiyo ni picha tu. Kuuweka mkobani kwenyewe, pamoja na zile sarafu, kumehamia sehemu moja inayoitwa mwishoni, awe mchezaji ametazama hadi mwisho au ameruka.

```gdscript
func ruka():
    onyesho.seek(24.0, true, true)
    onyesho.stop(true)
    maliza()

func maliza(_jina = ""):
    if imekwisha:
        return
    imekwisha = true
    mkoba["ufunguo_ghala"] = true
    sarafu += 50
```

Ile `true` ya mwisho kwenye `seek` inaiambia injini ipange hali tu na isiguse miito wala sauti. Na `stop(true)` inasimamisha onyesho bila kuvirudisha vitu mahali vilipoanzia.

Mistari mitatu ya `imekwisha` inaweza kuonekana ya ziada. Itoe, kisha bonyeza kitufe katika sekunde ya mwisho kabisa. Onyesho linaisha lenyewe na kuita `maliza`, kitufe chako nacho kinaita `maliza`, na mchezaji anaondoka na sarafu 100. Ufunguo hauna shida hiyo, kwani ukiuweka mara mbili unabaki ule ule mmoja. Sarafu zinajumlishwa, na kinachojumlishwa ndicho kinacholipa mara mbili.

Unity ina chombo kama hiki kinachoitwa Timeline, na kwenye ishara zake kuna visanduku vya `Retroactive` na `Emit Once`: cha kwanza huifanya ishara iitwe hata kama onyesho limeanzia mbele yake, cha pili huizuia isijirudie. Vinasaidia, lakini bado ni wewe wa kuamua, ishara kwa ishara, na ukisahau moja umerudi pale pale kwenye mlango wa ghala.

Kuna maonyesho ambayo njia yangu haiyawezi. Nahodha akimuuliza mchezaji kama anataka ufunguo au mashua, hakuna mwisho mmoja wa kuhamia. Onyesho la hivyo unalikata vipande viwili, na kitufe kinaruka hadi kwenye swali na kuishia hapo. Kuhifadhi gemu katikati ya onyesho nako nimekuzuia. Anayezima sekunde ya 10 ataanza tena kabla ya nahodha kuinuka.

Kupima si kazi kubwa. Unacheza mara ya kwanza ukitazama onyesho lote, kisha unaandika kwenye faili yaliyomo mkobani, idadi ya sarafu, milango ilivyo na mhusika alipo. Unarudia ukiruka sekunde ya 0, ya 6, ya 9 yenyewe na ya 23.9, halafu unalinganisha mafaili. Yakitofautiana hata kwa mstari mmoja, onyesho hilo bado lina shida.

Yangu yalilingana yote, nikamwita mpwa wangu. Akabonyeza, mkoba ukapata ufunguo, sarafu zikawa 50, na papo hapo mhusika wake akaruka kutoka gatini akatumbukia baharini. Kitufe cha kuruka onyesho nilikuwa nimekifanya kuwa kile kile cha kuruka kwa miguu, na kidole cha mtoto kilikuwa hakijakiachia. Sasa gemu linangoja kitufe kiachiwe kwanza, ndipo linamrudishia mchezaji miguu yake.