Hodari wa Kazi, Mgumu kwa Wenzake: Tathmini Yake Iandikwe Vipi?

"Ni mchapakazi na anaijua kazi yake vizuri sana, lakini hana ushirikiano na wenzake." Wakuu wengi wa vitengo, wakifikia fomu ya tathmini ya mtu wao hodari kuliko wote, huandika sentensi hii, wanasaini, wanahamia fomu inayofuata. Nao huamini wametenda haki, kwa kuwa wamesifu na wamekosoa.

Zamani sentensi kama hiyo isingemfikia mhusika. Katika utumishi wa umma wa Tanzania, bosi alijaza taarifa ya siri na mtumishi hakuiona. Mwaka 2004 ulikuja mfumo wa wazi wa OPRAS, msimamizi na msimamiwa wakaanza kukaa meza moja na kusaini wote wawili, na kampuni nyingi binafsi nazo hufanya hivyo. Kwa hiyo maneno ya kwenye fomu sasa husomwa kwanza na yule anayesemwa, na yanatakiwa kumsaidia afanye jambo fulani kesho yake.

Tuchukue mfano wa kampuni ya kutoa mizigo katika bandari ya Dar es Salaam. Tegemeo la kitengo ni mama mmoja anayetayarisha nyaraka za forodha. Mwaka huu ameshughulikia mafaili mengi kuliko wenzake wote, na ni mawili tu yaliyorudishwa kwa makosa. Mwezi Machi alikwenda likizo ya wiki moja, na nyaraka za makontena mawili zilikuwa ndani ya kompyuta yake peke yake. Siku za kuhifadhi mzigo bila malipo zikapita, mteja akatozwa siku nne. Kwenye vikao vya Jumatatu, msaidizi mpya akianza kueleza faili lake, yeye humkatiza: "Hilo niachieni mimi." Tena akikuta kosa la mwenzake hulirekebisha mwenyewe jioni, kimyakimya, na wiki inayofuata mwenzake analirudia kosa lilelile.

Sasa mpe mama huyu ile sentensi ya "hana ushirikiano". Atafanya nini? Pengine ataanza kusalimia zaidi, atawanunulia wenzake chai, atachangia sherehe, na mafaili yataendelea kukaa kwenye kompyuta yake. Hajakaidi, hakuna aliyemwambia kwamba tatizo ni mafaili. Hapa pia mkuu wa kitengo ajikague. Katika ofisi zetu, asiyechanga harusi na asiyekula na wenzake mchana huandikwa haraka kuwa hashirikiani. Hayo si ya fomu hii. Ya fomu ni yale yaliyochelewesha mzigo, yaliyomfunga mdomo mwenzake au yaliyoacha kosa lijirudie. Ikiwa mwandishi anatafuta tukio la namna hiyo na halipati, basi lawama yake ni ya tabia asiyoipenda, na aifute.

Maneno ya tabia, kama "anajiona" au "mjuaji", yana madhara mengine yanayojulikana. Mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi kuhusu mrejesho wanaopewa watu juu ya kazi zao. Kwa wastani mrejesho ulisaidia, ila katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyoyapima, utendaji ulishuka. Maelezo yao ni kwamba mrejesho hupungua nguvu kadiri unavyomtoa mtu kwenye kazi na kumwelekeza kwenye nafsi yake. Mtu hodari akiambiwa anajiona, hatafikiria tena makontena. Atabaki akifikiria heshima yake.

Mkuu wetu wa kitengo angeweza kuandika hivi:

"Mwaka huu umeshughulikia mafaili mengi kuliko yeyote kitengoni, na ni mawili tu yaliyorudishwa. Usahihi wako ndio uliotuwezesha kuahidi wateja tarehe na kuzitimiza. Mwezi Machi ulipokuwa likizo, wenzako hawakuweza kupata nyaraka za makontena mawili, na mteja akatozwa siku nne. Katika vikao vya Aprili na Mei ulimkatiza msaidizi mpya kabla hajamaliza maelezo yake, na sasa haleti tena maswali yake kikaoni. Kuanzia Julai, nyaraka za kila faili ziwekwe kwenye folda ya pamoja kila jioni, na kabla ya likizo ukabidhi kwa maandishi mafaili yasiyofungwa. Ukiona kosa la mwenzako, mwoneshe, alirekebishe yeye. Tutakaa tena mwishoni mwa Septemba tuone yamefikia wapi."

Tazama sifa ilivyoandikwa. "Mchapakazi" ingeweza kuandikwa kwa mtu yeyote, na anayeisoma anajua hivyo. Hapa sifa ina ushahidi sawa na kasoro, na huo ndio usawa unaotakiwa. Mizani haipimwi kwa idadi ya sentensi. Neno "lakini" halimo, maana msomaji akilifikia hufuta yote yaliyotangulia. Kasoro imepimwa kwa kipimo ambacho mama huyu mwenyewe anakiheshimu, yaani mzigo kutoka kwa wakati. Anayejali kazi kiasi hicho hatapuuza siku nne za tozo, hata kama maneno kuhusu "moyo wa timu" hayamgusi. Wala hakuna "kila mara" au "kamwe", kwa sababu atakumbuka siku moja aliyofanya tofauti, na mazungumzo yote yataishia kwenye siku hiyo.

Alama nayo isipingane na maneno. Edward Thorndike alionesha mwaka 1920 kwamba wakubwa waliowapima maafisa wa jeshi waliacha sifa moja ipake rangi nyingine zote: aliyeonekana bora kwa jambo moja alipewa alama nzuri hata kwa yasiyohusiana nalo. Kwa mtu hodari hilo hutokea kirahisi sana. Anapewa alama ya juu kabisa kwenye uhusiano kazini, kisha aya ya chini inaeleza makontena yaliyokwama. Mfanyakazi ataamini alama. Kila kipengele kipimwe peke yake: usahihi upate alama ya juu bila kupunguzwa, ushirikiano upate inayolingana na yaliyotokea.

Kabla ya kusaini kuna swali la haki. Kama kampuni inalipa bonasi kwa idadi ya mafaili ya kila mtu, ni kampuni yenyewe iliyomfundisha kuyashikilia. Kumwandikia kasoro na kuacha utaratibu huo ni kumwonea. Mkuu aongeze basi sentensi moja ya wajibu wake, kwa mfano: "Kuanzia Julai, muda unaotumia kumwelekeza msaidizi utahesabiwa katika kazi yako." Pia habari ya Machi alipaswa kuisikia Machi. Akiisikia kwa mara ya kwanza Juni, ataona kwamba bosi alikuwa akimwekea akiba ya makosa, na sehemu ya maoni yake itajaa utetezi. Hata hivyo maoni hayo yabaki kama alivyoyaandika. Huenda yakaeleza kwamba folda ya pamoja ilikuwa haifunguki tangu Februari.

Liko jambo moja ambalo fomu nyingi huliacha kimya, nalo ni cheo. Mtu hodari hutegemea kuwa msimamizi, na mkubwa wake, kwa kuogopa kumpoteza, huandika "ana uwezo wa kupanda". Afadhali aambiwe wazi: "Ili nikupendekeze kusimamia kitengo, nahitaji kuona msaidizi akimaliza faili zima bila wewe kulishika." Na kama hapendi kuelekeza watu kabisa, iandikwe njia ya kumpandisha kama mtaalamu, ashike mizigo migumu na mshahara unaoendana nayo, bila kupewa watu wa kusimamia.