Mboni ya Kichanga Inapomulikwa

Kipimo chenyewe hakizidi dakika chache wala hakimuumizi mtoto. Mwanga wa chumbani unapunguzwa, mama anampakata kichanga, na nesi anasimama karibu umbali wa mkono, akichungulia kupitia ofthalmoskopu, kifaa kidogo chenye taa na tundu la kutazamia. Mwanga hupenya mboni, hugonga ukuta wa nyuma wa jicho, kisha hurudi ukiwa na rangi. Vitabu vingi huita rangi hiyo nyekundu. Kwa watoto wetu weusi, mng'ao huo mara nyingi ni wa chungwa, wa kahawia au hata wa kijivu kidogo. Nesi mzoefu basi hulinganisha jicho moja na jingine, na akiwa na shaka humulika macho ya mama pia.

Tuseme mtoto amezaliwa na ukungu kwenye lenzi ya jicho la kushoto, ugonjwa tunaouita mtoto wa jicho. Siku ya kwanza kope zimevimba, mboni ni ndogo, naye halegezi macho. La kulia linaonekana, la kushoto halionekani vizuri, na hilo linapaswa kuandikwa kwenye kadi. Wiki ya 6, anapoletwa kwa chanjo, macho yako wazi: la kulia linang'aa, la kushoto lina giza katikati. Mama hakushuku lolote, kwa sababu mtoto anamfuata kwa jicho zima.

Hapo apewe rufaa haraka kwenda hospitali ya macho ya watoto, kama KCMC Moshi au CCBRT Dar es Salaam. Ukungu mzito wa jicho moja ni vizuri uondolewe mtoto akiwa na wiki 6 hivi. Ubongo wake bado unajifunza kuona, na jicho lisilouletea picha huachwa nyuma. Ukichelewa miaka, upasuaji unaweza kwenda vizuri kabisa na jicho bado lisione vya kutosha. Baada ya upasuaji huja miwani au lenzi ya kuvaa juu ya jicho, na kuliziba jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili la kushoto lilazimike kufanya kazi.

Ugonjwa mwingine huenda haukuwepo siku ya kuzaliwa. Saratani ya retina huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Mboni iliyong'aa vizuri wiki ya 6 inaweza kuonyesha weupe kwenye kliniki ya miezi 9. Tena uvimbe mdogo ulio pembeni hufichika nyuma ya mboni isiyopanuliwa. Kwa hiyo mtoto ambaye mzazi au ndugu yake aliwahi kuugua saratani hii apelekwe kwa daktari wa macho, ampanue mboni kwa dawa ya matone na kumrudia mara kwa mara, hata kama kliniki imesema yuko sawa.

Weupe huo wakati mwingine huonekana kwanza kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa flashi. Pengine ni pembe tu ya mwanga. Hata hivyo, mpeleke mtoto wiki hiyohiyo, na picha uende nayo.