Eshele ya 1:20 000 kwenye karatasi ya A4: namna ya kupanga ramani ya TFE ili rula isiikatae

Wandugu, kwenye TFE za agronomi unaweza kukuta ramani iko na rangi nzuri sana, lakini ukiweka rula juu yake hesabu haitoki. Imeandikwa 1:20 000, kumbe mustari wa eshele unasema kingine. Leo tuone namna ya kuipanga mu QGIS, juu njo ile wengi wetu tunatumia.

Kitu cha kwanza ni karatasi, hapana ramani. Chukua mfano huu: uko na parseli za mahindi pembeni ya Lubumbashi, zinaenea km 4 toka magaribi mpaka mashariki, na km 2,6 toka kaskazini mpaka kusini. A4 ya kulala iko na mm 297 kwa 210. Toa mm 10 kila upande za pembeni, kisha toa mm 60 za lejandi kuume na mm 5 za nafasi katikati: upana wa ramani unabakia mm 212. Kwa urefu, toa zile za pembeni, toa mm 15 za kichwa na mm 5 za nafasi: inabakia mm 170.

Sasa gawanya. Mita 4000 kwa mita 0,212 inatoa karibu 18 900. Mita 2600 kwa mita 0,170 inatoa karibu 15 300. Unashika ile kubwa, kisha unapanda mpaka namba nzima inayofuata: 1:20 000. Usishuke kwa 1:15 000, parseli za pembeni zitakatwa.

Mbele ya kufungua `Nouvelle mise en page`, angalia projeksio ya mradi. Ukiweka picha ya OpenStreetMap ya kwanza, QGIS inaweza kubakisha mradi mu EPSG:3857, na ile inavuta umbali kadiri unavyoachana na ikweta. Pa Lubumbashi inavuta karibu 2 kwa 100. Weka EPSG:32735, ni kusema UTM zoni 35 Kusini, yenye kupima kwa mita.

Kisha chora kadre ya ramani ya mm 212 kwa 170, na uandike 20000 kwa mukono mu kisanduku cha `Échelle`. Toka hapo, usizungushe tena gurudumu la suri wakati unasogeza ramani ndani ya kadre: eshele inabadilika bila kukuambia, unajikuta na 1:19 437. Kila mara mbele ya kutoa PDF, rudia kusoma ile namba.

Mustari wa eshele, hakikisha umefungwa kwa ramani ile ile, kama uko na ndogo nyingine ya kuonyesha jimbo. Chagua vipande 2 vya mita 500 kuume, na 0 kushoto. Kwa 1:20 000, km 1 ni mm 50 kwenye karatasi. Ukiona kwenye mise en page mustari unafika mm 51 karibu, ujue mradi ulibakia mu EPSG:3857: mustari unahesabu umbali wa kweli wa udongo, lakini namba inafuata mita zilizovutwa. Hapo usirekebishe mustari, rekebisha projeksio.

Lejandi nayo inakuja na majina ya mafichi. Hakuna msomaji anayejua «parc_final_v3» ni nini. Toa alama kwenye `Mise à jour auto`, ndipo utaweza kubadilisha majina: «Parseli ya mahindi», «Mahali pa kutwaa udongo», «Barabara». Toa picha ya chini na kila kitu kisichoonekana kwenye ramani. Lakini ujue: toka hapo lejandi haifuate tena mabadiliko. Ukiongeza kushi mpya, utaiongeza weye mwenyewe kwa kitufe cha plus.

Kunabakia imprimeri. Pale wanapenda kuacha `Ajuster`, na karatasi inatoka imepungua kidogo. Ikipungua mpaka 96 kwa 100, km 1 yako inakuwa mm 48, na eshele ya kweli ni karibu 1:20 833. Mustari unabakia sawa, juu unapungua pamoja na ramani. Namba iliyoandikwa njo inayodanganya. Kwa hiyo omba `Taille réelle`, na kama unajua karatasi itafotokopiwa kwa A3, acha mustari peke yake na utoe namba.

Karatasi ikitoka, weka rula kwenye mustari palepale pa imprimeri: kama si mm 50, rudisha, usilipe kwanza nakala zote.