Salamu za Kuzaliwa Zinazomfaa Baba Mmoja Tu

“Heri ya kuzaliwa, baba yangu kipenzi. Wewe ni nguzo ya familia na shujaa wangu. Mungu akujalie maisha marefu.”

Maneno haya ni mazuri, lakini yanaweza kutumwa kwa baba wa jirani bila kubadilishwa hata neno. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Ili kuyarekebisha, chukua kila sifa na ujiulize: niliiona lini, na alifanya nini?

Tuseme anayeandika ni binti aliyesoma shule ya bweni. “Nguzo” inampeleka stendi, alfajiri. “Shujaa” inampeleka kwenye matokeo mabaya ya hesabu. Sasa anaandika:

“Shikamoo Baba. Nakumbuka ulivyosimama chini ya dirisha la basi mpaka likaondoka, baada ya kunipa redio yako ndogo ya betri. Nilipofeli hesabu hukunigombeza. Ulivuta kigoda, tukarudia maswali mpaka taa ikaisha mafuta. Leo namfundisha mwanangu hivyo hivyo. Mungu akuzidishie afya.”

“Nguzo” na “shujaa” zimeondoka, na matendo yamechukua nafasi zake. Dua imebaki, kwa kuwa baba huitarajia.

Kumbukumbu mbili zinatosha. Zikifika sita, salamu hugeuka orodha. Chagua pia zisizomwaibisha, hasa kama ujumbe utasomwa mbele ya ndugu. Shida za fedha za zamani, kwa mfano, mwachie azisimulie mwenyewe.