Kwa nini mchango wa maji haukamiliki mtaani kwenu

Vijana wa Mbeya na Iringa mnaolima nyanya na hoho mnanipigia sana kuhusu pampu ya mtaa. Malalamiko ni yaleyale: kamati inapita nyumba kwa nyumba, watu hawatoi. Wengi wanasema ni roho mbaya. Mimi naona ni hesabu tu.

Tuseme mtaa una kaya 60 na kila kaya inatoa shilingi 3,000 kwa mwezi, jumla 180,000. Mhudumu wa pampu anachukua 80,000, umeme 60,000, na 40,000 inabaki akiba ya matengenezo. Sasa kaya 12 zikigoma, inapatikana 144,000. Mhudumu analipwa, umeme unalipwa, maji yanatoka kama kawaida. Aliyegoma anachota sawa na aliyelipa, na jirani anamwona. Kwa nini mwezi ujao yeye atoe?

Kilichopungua hakionekani bombani. Akiba ni 4,000 badala ya 40,000, na baada ya miezi kumi kuna 40,000 pale ambapo pangekuwa na 400,000. Siku mota ikiungua, ndipo watu wanasema kamati imekula hela (pengine kweli imekula, ila hapa haikuhitajika hata kula). Kwa hiyo ukitaka kujua hali ya mradi wenu, usiangalie bomba, ulizia daftari la akiba.

Mchumi Mancur Olson alilieleza jambo hili mwaka 1965: kama huwezi kumzuia asiyechangia asifaidi, wengi watasubiri wenzao watoe. Dawa mojawapo ni kufunga bomba na kuuza kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 kwa shilingi 20, kaya ikichota tano kwa siku, kwa mwezi inalipa 3,000 ileile. Tofauti ni kwamba asiyelipa hachoti.

Hapo wewe mwenye bustani utashtuka. Unayevuta lita 1,000 kwa siku ni ndoo 50, yaani shilingi 30,000 kwa mwezi, wakati zamani ulitoa 3,000 kama bibi wa jirani mwenye ndoo zake tano. Inauma, lakini ndiyo matumizi yako. Na pampu ikisimama siku tatu, bibi ataenda mtoni, miche yako itakauka. Nadhani mkulima wa biashara ndiye anayepaswa kudai mita mwenyewe.

Mfereji wa umwagiliaji ni kesi nyingine, kwa sababu haufungwi kama bomba. Wa juu anachukua kwanza, wa chini anasubiri. Huko Usangu, tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi kule hifadhini, na uchepushaji wa maji huku juu ni sababu kubwa. Mferejini kinachosaidia ni zamu zinazojulikana na mtu wa kukagua lango. Huyo mkaguzi naye analipwa kwa mchango, kwa hiyo muulizeni mapema nani hajatoa.